Nzito Kwanza au Nyepesi Kwanza: Mpangilio wa Baiti Kwenye Kumbukumbu na Mtandaoni

Ndugu mwenyekiti, wenzangu waandishi wa programu, habari za asubuhi.

Naomba tuanze na namba moja, nayo itatusindikiza karibu hadi mwisho: 1500. Tuseme ni shilingi elfu moja mia tano ambazo mteja amelipa. Kwa heksa namba hiyo ni 5DC, na tukiiweka kwenye nafasi ya biti 32 inakuwa baiti nne: 00 00 05 DC. Baiti ya kushoto kabisa nitaiita nzito, kwa sababu kila kipimo chake kimoja kina thamani ya 16,777,216. Ile ya kulia kabisa nitaiita nyepesi, maana kipimo chake ni moja tu. Hapa DC ni 220, na 05 ni tano mara 256, yaani 1280. Jumla 1500.

Swali letu la leo ni dogo. Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ya anwani, na kila anwani inabeba baiti moja. Namba yetu inahitaji anwani nne zinazofuatana. Je, anwani ya kwanza ipewe baiti ipi, nzito au nyepesi?

Kuna mashine zinazoweka nzito kwanza: 00 00 05 DC. Nyingine zinaweka nyepesi kwanza: DC 05 00 00. Prosesa za Intel na AMD zilizo kwenye kompyuta zetu nyingi ni za nyepesi kwanza, na simu zenye prosesa za ARM kwa kawaida huendeshwa hivyo hivyo. Mashine kubwa za IBM, tangu System/360 ya mwaka 1964 hadi hizi za mfululizo wa Z za leo, ni za nzito kwanza. Kwenye Linux unaweza kuiuliza mashine yako kwa `lscpu | grep "Byte Order"`, nayo itakujibu `Little Endian` ikiwa ni ya nyepesi kwanza, au `Big Endian` ikiwa ni ya nzito kwanza. Majina hayo ya Kiingereza yaliletwa na Danny Cohen katika waraka wake wa tarehe 1 Aprili 1980. Aliyachukua kwenye kisa cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, ambamo watu wanagombana wapasue yai la kuchemsha kwenye ncha pana au ncha nyembamba. Tarehe ile ilikuwa siku ya wajinga, lakini waraka wenyewe ulikuwa wa maana.

Msishangae kwamba kuna njia mbili. Sisi tunasema mia tatu arobaini na tano, kikubwa kikitangulia. Waarabu, ambao ishirini na thelathini zetu zimetoka kwao, wanasema mia tatu, kisha tano na arobaini. Na sisi wenyewe tukiandika tarehe tunaanza na siku, tunamalizia na mwaka, yaani nyepesi kwanza. Hakuna aliyekosea. Kosa linatokea pale mmoja anapoandika 03/04 na mwingine akaisoma kwa desturi ya kwao.

Kila upande una sababu zake. Kwenye nyepesi kwanza, anwani ya namba haibadiliki hata ukiisoma kwa upana tofauti: ukisoma baiti moja, mbili au nne kuanzia anwani ileile, namba ndogo inabaki kuwa ileile. Tena prosesa za zamani za biti 8, zilizokuwa zikijumlisha namba pana kipande kwa kipande, zilipaswa kuanza na kipande chepesi ili zijue kama kuna cha kubeba. Kwenye nzito kwanza, mwanadamu anasoma baiti kama anavyosoma namba. Vilevile, namba zisizo na alama ya hasi zinaweza kupangwa kwa kulinganisha baiti moja moja kuanzia kushoto, bila kujua kama ni namba. Kwa sababu hiyo, hifadhidata nyingi zinazopanga funguo kwa mfuatano wa baiti huandika namba za funguo nzito kwanza, hata zikiwa juu ya prosesa ya nyepesi kwanza.

Sasa nitaje jambo linalowachanganya wengi. Ndani ya rejista ya prosesa namba haina mwanzo wala mwisho wa anwani. Ukiandika `n >> 8` unapata kilekile kwenye mashine zote duniani, kwa sababu kusogeza biti ni hesabu. Mpangilio wa baiti unaonekana pale tu namba inapotolewa na kuwekwa kwenye anwani zinazofuatana, kisha mtu akaja kuzitazama baiti zenyewe. Mnaweza kuliona hilo kwa `gdb`. Simamisheni programu penye kigezo `kiasi` chenye 1500, kisha mtazame mahali palepale mara mbili:

```
(gdb) x/4xb &kiasi
0xdc  0x05  0x00  0x00
(gdb) x/1xw &kiasi
0x000005dc
```

Mara ya kwanza tumeomba baiti nne, tukaonyeshwa zilivyolala. Mara ya pili tumeomba neno moja la biti 32, na `gdb` ikalipanga kama namba. Hakuna kilichohama kwenye kumbukumbu. Na mpangilio huu hauhusu maandishi ya UTF-8, ambayo ni mfuatano wa baiti moja moja, wala haugeuzi orodha: kipengele cha kwanza kinabaki cha kwanza. Kinachogeuzwa ni baiti za ndani ya namba moja.

Twendeni mtandaoni. Baiti zinatoka moja baada ya nyingine, kwa hiyo lazima pawe na makubaliano. Itifaki ya IP, kama ilivyoandikwa katika RFC 791 ya Septemba 1981, inaagiza nzito kwanza kwa namba zake zote: urefu wa pakiti, anwani, na kadhalika. TCP na UDP zinafuata hivyo hivyo kwa poti zao. Mpangilio huo ndio unaoitwa mpangilio wa mtandao. Lakini angalieni mpaka wake. Agizo hilo ni la vichwa vya pakiti tu. Data mnayoipakia ndani ya TCP ni yenu, na TCP haijui ndani yake kuna namba au wimbo. Mpangilio wa huko ndani mnaamua ninyi, na mnapaswa kuuandika kwenye hati ya itifaki yenu. Bluetooth na USB, kwa mfano, zimechagua nyepesi kwanza, na zinafanya kazi vizuri.

Tuchukue ujumbe wa malipo wa baiti 12, tuuvunje vipande. Una baiti 2 za urefu wa ujumbe wote, baiti 2 za aina, baiti 4 za namba ya mteja na baiti 4 za kiasi. Thamani zake ni urefu 12, aina 1, mteja 70421, kiasi 1500. Kifaa cha dukani kimeandikiwa programu kwa C na kina prosesa ya ARM ya nyepesi kwanza. Mwandishi wake ametengeneza `struct`, ameijaza, kisha akaituma nzima kwa `send`. Seva imeandikwa kwa Java, nayo inasoma kwa `DataInputStream`, ambayo siku zote ni nzito kwanza, hata mashine iwe ya namna gani. Hivi ndivyo baiti zilivyotoka, na chini yake zilivyopaswa kutoka:

```
0c 00  01 00  15 13 01 00  dc 05 00 00
00 0c  00 01  00 01 13 15  00 00 05 dc
```

Wengi wangetarajia seva ilalamike mara moja. Haitalalamika. Inasoma baiti mbili za kwanza, 0c 00, inaona urefu ni 3072, na imeshasoma mbili. Inakaa kusubiri 3070 zilizobaki. Zilizopo ni kumi tu. Kifaa nacho kinasubiri jibu. Pande zote mbili zimenyamaza hadi muda uishe, na mtu wa zamu anaanza kulaumu mtandao wa simu. Kama urefu ungekuwa wa baiti nne, 12 ingesomwa kuwa 201,326,592, na seva isiyojihadhari ingetenga megabaiti 192 za kumbukumbu kwa ujumbe unaoenea kwenye kiganja. Kwa hiyo seva iwekewe kikomo cha urefu, na ujumbe unaokipita ukataliwe papo hapo, huku baiti zake za mwanzo zikiandikwa kwenye logi kwa heksa. Logi hiyo moja inamaliza upelelezi wote.

Tuseme wameligundua, wakarekebisha urefu peke yake. Sasa ujumbe unapokelewa, lakini aina inasomwa 256 badala ya 1, mteja anakuwa 353,566,976, na kiasi kinakuwa hasi 603,652,096. Kwa nini hasi? Kwa sababu DC, iliyokuwa nyepesi, imekaa mahali pa nzito, na biti yake ya juu kabisa imewashwa; `int` ya Java inaichukua biti hiyo kuwa alama ya hasi. Malipo ya shilingi 100 yangetoa 1,677,721,600, namba chanya. Kwa hiyo hitilafu ileile inaonekana kama mbili: wateja wengine wanadaiwa mabilioni, wengine wanadaiwa hasi. Ukikutana na namba za ajabu namna hiyo, usizitazame kwa desimali. Zibadilishe kuwa heksa. Namba ndogo iliyogeuzwa inaonyesha sifuri nyingi upande wa kulia, kama dc050000, na ukiisoma baiti baiti kutoka kulia kwenda kushoto utaikuta namba yako imekaa pale.

Dawa inayojulikana kwa C ni `htons` na `htonl` wakati wa kutuma, `ntohs` na `ntohl` wakati wa kupokea. Herufi s ni ya biti 16, l ni ya biti 32. Kwenye mashine ya nyepesi kwanza zinageuza, kwenye ya nzito kwanza hazifanyi chochote. Ni rahisi, na bado zina mitego, mingi ikijionyesha kwenye poti.

Poti 8080 kwa heksa ni 1F90. Ukisahau `htons` ukaandika `a.sin_port = 8080;` kwenye kompyuta ya Intel, kumbukumbu itabeba 90 1F, na kiini cha Linux kitaisoma nzito kwanza: 901F, yaani 36895. Seva itaanza bila kosa lolote. Mteja atakataliwa kwenye 8080, nawe utaapa kwamba seva iko hai. Tazama `ss -ltn`, utaiona inasikiliza 36895. Mbaya zaidi ni pale mteja naye amesahau `htons` vilevile. Hapo wote wanakutana 36895 kwa furaha, kila kitu kinafanya kazi, mpaka siku mtu wa ulinzi wa mtandao anapofungua 8080 peke yake kwenye ukuta wa moto.

Ukitumia `htonl` mahali pa `htons`, 8080 inageuzwa kuwa 901F0000, kisha inakatwa ili ienee kwenye biti 16, na kinachobaki ni sifuri. Poti sifuri kwa `bind` maana yake ni "nichagulie yoyote iliyo wazi". Kwa hiyo seva inayobadilisha poti kila inapowashwa ina uwezekano mkubwa wa kuwa na kosa hili. Kinyume chake, ukitumia `htons` kwenye kiasi chetu cha biti 32, 1500 inafika upande wa pili ikiwa 98,304,000, na kiasi chochote kinachozidi 65,535 kinapoteza baiti zake nzito kabisa. Ishikeni hiyo 98,304,000, tutaiona tena.

Mtego mwingine ni kugeuza mara mbili. Maktaba imeshageuza, nawe unageuza tena kwa kujihami. Matokeo kwenye Intel ni sawa na kutogeuza. Hapo hakuna ujanja isipokuwa kuamua mahali pamoja tu panapogeuza.

Kwa anayependa kuchungulia, `/proc/net/tcp` kwenye Linux ni somo zuri. Seva iliyofungwa kwenye 127.0.0.1 poti 8080, kwenye mashine ya Intel, huonekana `0100007F:1F90`. Anwani imegeuka, poti haijageuka. Anwani imechapwa kama namba ya mashine bila kubadilishwa, ilhali poti imebadilishwa kwanza. Anayeandika hati ya kusoma faili hilo lazima ajue hivyo, la sivyo atapata 1.0.0.127.

Mimi kwa data yetu wenyewe napendelea kuachana na `htonl` kabisa, na kuachana na kutuma `struct` nzima. Hiyo `struct` yetu ya 2, 2, 4, 4 ilibahatika tu. Ungeweka kiasi kati ya urefu na aina, kompaila ingeingiza baiti tupu za kujazia, na zingesafiri nazo. Andika namba baiti kwa baiti kwa kusogeza biti:

```c
void andika32(uint8_t *p, uint32_t n) {
    p[0] = n >> 24;  p[1] = n >> 16;
    p[2] = n >> 8;   p[3] = n;
}
uint32_t soma32(const uint8_t *p) {
    return (uint32_t)p[0] << 24 | (uint32_t)p[1] << 16
         | (uint32_t)p[2] << 8  | (uint32_t)p[3];
}
```

Tazameni kwamba hakuna popote tulipoiuliza mashine ni ya aina gani. Tumesema baiti nzito ikae mahali pa kwanza, basi. Kwa hiyo hakuna haja ya `#ifdef`, na wala kuogopa kwamba itakuwa polepole: kompaila za gcc na clang za miaka ya karibuni zinautambua mtindo huu na kuugeuza kuwa maagizo mawili matatu ya prosesa. Msiyaondoe hayo `(uint32_t)`. Bila hayo, `p[0]` inapandishwa kuwa `int` yenye alama, na ikiwa ni DC, kuisogeza nafasi 24 kunaifikia biti ya alama. Kanuni za C hazitoi ahadi yoyote hapo, na ukiiweka kwenye `uint64_t` waweza kupata ffffffffdc050000.

Wa Python watumie `struct.pack('>HHII', 12, 1, 70421, 1500)`. Alama `>` ni nzito kwanza, `<` ni nyepesi kwanza. Ukiiacha, Python inafuata desturi ya mashine pamoja na baiti zake za kujazia, na umerudi ulikotoka. Wa JavaScript waangalie: `DataView` husoma nzito kwanza usipoiambia vinginevyo, lakini `Uint32Array` hufuata mashine. Programu moja inaweza kuwa na zote mbili, zikipishana.

Kuna sehemu moja ambako nzito kwanza na nyepesi kwanza hazitoshi, nayo ni mita za umeme na mashine za viwandani zinazotumia Modbus. Rejista za Modbus ni za biti 16 tu, na kila moja inasafiri nzito kwanza, hilo limeandikwa. Kipimo cha biti 32 kinakaa kwenye rejista mbili, na ipi itangulie haikuandikwa, kila mtengenezaji akachagua lake. Mita inayotanguliza rejista nyepesi itatuma 1500 kama 05 DC 00 00. Msomaji wa kawaida atapata 98,304,000, namba yetu ya dakika chache zilizopita, ingawa chanzo ni kingine. Kompyuta za PDP-11 za mwaka 1970 na baadaye zilikuwa na mpangilio uliochanganywa unaofanana na huo, ila kwa kinyume. Kwa mita mpya, msibahatishe. Someni kipimo ambacho mnaona thamani yake kwenye kioo cha mita, jaribuni mipangilio yote minne, chagueni unaolingana, kisha mthibitishe kwa kipimo cha pili, kwa sababu sifuri inalingana na mipangilio yote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye majaribio. Namba za kujaribia zenye baiti zinazofanana hazigundui kitu: 0 haigeuki, 257 ya biti 16 ni 01 01, na FFFFFFFF ni ileile kote. Tumieni 01020304, ambayo kila baiti yake inataja nafasi yake. Ikifika 04030201 mmejua, ikifika 03040102 mmejua zaidi. Na msilinganishe tu kilichoandikwa na kilichosomwa na programu ileile, kwa maana makosa mawili yanayofanana yanafutana. Linganisheni baiti zilizotoka na baiti mlizoziandika kwa mkono kutoka kwenye hati ya itifaki.

Mnaotaka kujaribu kwenye mashine ya nzito kwanza hamhitaji kununua ya IBM. Kwenye Debian au Ubuntu, wekeni kompaila ya s390x, ambalo ni jina la prosesa hizo za IBM, pamoja na QEMU inayoziigiza, kisha:

```
s390x-linux-gnu-gcc -static jaribu.c -o jaribu
qemu-s390x ./jaribu
```

Programu inayotoa baiti zilezile hapo na kwenye Intel imepita. Isiyopita, mara nyingi mtakuta mtu amechukua pointa ya `int` akaisoma kama ya `char`. Kwenye Intel alipata baiti nyepesi, na namba ndogo zikaonekana sawa kwa miaka, ila kwenye s390x anapata sifuri kila mara.